Kabla ya Kufungua Wasifu wa Kwanza

Hotuba ya kufungua mafunzo ya jopo la ajira huwa na njia yake iliyozoeleka. Mkuu wa rasilimali watu anasimama, anawashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao, anawakumbusha kwamba taasisi haina budi kuajiri kwa haki, anaonya juu ya upendeleo na rushwa, kisha anatangaza kwamba mafunzo yamefunguliwa rasmi. Wajumbe wanapiga makofi. Hakuna anayepinga neno hata moja, kwa kuwa hakuna aliyekuja pale kutetea upendeleo. Hapo ndipo nafasi nzuri inapopotea, maana wajumbe wengi wanaotoa alama zisizo za haki hawajioni kuwa wapendeleaji hata kidogo. Wanajiona watu makini wenye uzoefu, wanaomtambua mtu anayefaa mara tu wanaposoma wasifu wake.

Nadhani hotuba hiyo inapaswa kufanya kazi nyingine kabisa. Dhuluma nyingi katika kuchuja wasifu haitokani na nia mbaya. Inatokana na vigezo vilivyoachwa wazi mno, kiasi kwamba kila mjumbe anavijaza kwa mambo yake mwenyewe bila kujua. Kazi ya hotuba, basi, ni kulifanya jopo likubali kujifunga kwa maandishi kabla halijamwona mwombaji yeyote, na kuwaonyesha wajumbe, kwa alama zilizowahi kutolewa na jopo kama lao, kwa nini kujifunga huko kunahitajika.

Tuchukue mfano, ili hoja iwe na mahali pa kusimama. Tuseme taasisi ya ukubwa wa kati mjini Morogoro imetangaza nafasi moja ya mhasibu msaidizi. Jopo la mchujo lina wajumbe watatu: mhasibu mkuu, ofisa wa miradi, na ofisa wa rasilimali watu. Mwaka uliopita jopo kama hilo lilipewa maelekezo ya mstari mmoja: mpe kila mwombaji alama kati ya 0 na 100 kwa kuzingatia elimu, uzoefu na kufaa kwake. Mkuu wa rasilimali watu amezitunza karatasi zile za alama, na anapofungua mafunzo anasoma mistari miwili tu kutoka humo, majina yakiwa yameondolewa.

Mwombaji namba 7 alikuwa na shahada ya uhasibu yenye ufaulu wa daraja la pili la juu na miaka miwili katika kampuni kubwa ya Dar es Salaam. Wajumbe watatu walimpa 80, 78 na 60. Mwombaji namba 19 alikuwa na stashahada, na miaka minne ya kazi katika chama cha akiba na mikopo wilayani Kilosa. Huyu alipata 55, 75 na 70. Wastani wa wa kwanza ulikaribia 73, na wa wa pili ulikaribia 67. Mstari wa kukatia ulikuwa 70, kwa hiyo mmoja aliitwa kwenye usaili na mwingine hakuitwa.

“Ndugu wajumbe,” anasema, “sisemi kwamba tulimwacha aliye bora. Hilo silijui, na karatasi hizi haziwezi kuniambia. Ninachouliza ni kimoja. Aliyetoa 55 na aliyetoa 75 walisoma wasifu uleule, kurasa zilezile. Zile alama 20 zilizo kati yao zilitoka wapi?”

Hotuba nzima inaegemea swali hilo, na linastahili kupewa muda. Jibu la haraka la wajumbe wengi ni kwamba tofauti haidhuru, kwa kuwa wastani utaisawazisha. Si kweli. Wastani husaidia pale wapimaji wanapopima kitu kimoja na kukosea kidogo, huyu juu, yule chini. Hapa walikuwa wanapima vitu viwili. Aliyetoa 55 aliona stashahada mahali alipotarajia shahada, akapunguza. Aliyetoa 75 aliona sentensi moja katika ukurasa wa pili, ambapo mwombaji alieleza kwamba alisuluhisha hesabu za benki kila mwezi, na akakumbuka kwamba hiyo ndiyo kazi inayoisumbua idara yake. Ukichanganya majibu ya maswali mawili tofauti na kugawa kwa idadi ya wajumbe, namba unayopata hailijibu swali lolote kati ya hayo mawili.

Yule mwombaji namba 7 naye ana la kutufundisha. Jina la kampuni kubwa lilikuwa juu kabisa ya ukurasa, na kila kilichofuata kilisomwa kwa mwanga wake. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika juu ya jambo hili mwaka 1920, baada ya kuangalia jinsi makamanda wa jeshi la Marekani walivyowapima maofisa walio chini yao. Alama za akili, umbo, uongozi na tabia zilifuatana kwa ukaribu usioelezeka, kana kwamba kamanda alikuwa ameamua kwanza kama mtu huyu ni mzuri au la, kisha akagawa alama za sehemu zote kulingana na uamuzi huo. Mjumbe anayeambiwa atoe alama moja ya jumla kati ya 0 na 100 hana kinachomzuia kufanya vilevile.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila mkuu wa rasilimali watu autaje katika hotuba yake, kwa kuwa unagusa kiini cha suala. Mwaka 2005, Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walichapisha majaribio ambayo watu walipewa waombaji wawili wa nafasi ya mkuu wa polisi, mwanamume na mwanamke. Mmoja alikuwa na elimu nzuri, mwingine alikuwa mzoefu wa mitaani, na sifa hizo zilibadilishwa kati ya mwanamume na mwanamke kutoka kundi moja la washiriki hadi jingine. Mwanamume alipokuwa na elimu, washiriki walisema elimu ni muhimu kwa kazi hiyo. Alipokosa elimu, umuhimu wake ulishuka. Vigezo vilimfuata mtu waliyekuwa wamemwelekea tangu mwanzo, nao wakaamini kwamba wameamua kwa vigezo. Lakini washiriki walioombwa kutaja kwanza ni sifa zipi muhimu, kabla ya kuwaona waombaji, hawakuonyesha upendeleo huo.

Hilo linabadilisha mpangilio wa siku nzima ya mafunzo. Mafunzo mengi huanza kwa kuwafundisha wajumbe kuzichunguza nafsi zao. Ni jambo jema, ila mtu hawezi kuona kwa kujichunguza kitu ambacho akili yake imekwisha kukipa sababu nzuri. Ni salama zaidi kuanza na kalamu. Kabla bahasha haijafunguliwa, jopo linaandika ni nini kitakachopewa alama, kila kimoja kina uzito gani, na kila alama inadai ushahidi gani kwenye ukurasa. Baada ya hapo vigezo havibadiliki kwa sababu ya mwombaji yeyote.

Kwa nafasi ya mhasibu msaidizi, mkuu wa rasilimali watu anampa mhasibu mkuu kazi ya kueleza mambo ambayo mtu huyo atayafanya katika miezi yake ya kwanza. Yanajitokeza matatu: kusuluhisha hesabu za benki, kuandaa marejesho ya kodi, na kuingiza miamala kwenye programu ya hesabu. La kwanza ndilo zito, linapewa uzito wa 3. La pili 2. La tatu 1, kwa kuwa programu hiyo hufundishika ndani ya wiki chache. Elimu haimo katika alama kabisa. Tangazo lilitaka stashahada ya uhasibu au zaidi, basi hilo ni sharti la ndiyo au hapana. Mwenye nayo anapita, asiye nayo anabaki, na shahada haimwongezei mtu alama mahali ambapo tangazo halikuitaka. Wajumbe wengi hupata taabu kulikubali hili, na huu ndio wakati wa kubishana juu yake. Kama jopo linaamini kwamba shahada inahitajika, liseme hivyo kwenye tangazo, na liweze kueleza ni kazi gani ambayo mwenye stashahada hataiweza.

Kisha kipimo chenyewe. Alama 0 hadi 100 ni nyingi mno, kwani hakuna mtu anayeweza kueleza tofauti ya 72 na 74 kwenye wasifu. Alama nne zinatosha. Kwa usuluhishi wa hesabu za benki, 0 inamaanisha kazi hiyo haikutajwa popote. 1 inamaanisha imetajwa tu, kwa mfano “nilihusika na usuluhishi wa benki”. 2 inamaanisha imetajwa pamoja na ukubwa wake: akaunti ngapi, kila baada ya muda gani, kwa usimamizi au peke yake. 3 inamaanisha kuna hayo yote na pia jambo alilolibaini au kulirekebisha. Mjumbe anayetoa alama anapigia mstari sentensi iliyomfanya aitoe na kuandika namba ya ukurasa kando yake. Kama hakuna sentensi ya kupigia mstari, alama ni 0, hata kama mjumbe anahisi kwamba mtu wa namna hii lazima awe aliwahi kuifanya kazi hiyo.

Namna ya kupitia lundo la wasifu nayo ina uzito. Waliowahi kusahihisha mitihani ya taifa wanajua utaratibu ambao kila msahihishaji hupewa swali lake, akalisahihisha kwenye karatasi ya mtahiniwa mmoja hadi mwingine, bila kubeba mtihani mzima wa mtahiniwa mmoja, na wote huanza kwa kupitia mwongozo wa usahihishaji pamoja. Jopo la ajira linaweza kuazima utaratibu huo moja kwa moja. Mjumbe anapitia wasifu wote kwa kigezo cha kwanza tu, anafunga karatasi, kisha anaanza upya kwa kigezo cha pili akiwa na mpangilio mwingine wa lundo. Alama nzuri ya usuluhishi inakosa nafasi ya kumpaka mtu mafuta kwenye kodi, na mwombaji aliyesomwa wa mwisho jioni, wajumbe wakiwa wamechoka, hasomwi wa mwisho katika kila kitu. Kwa waombaji 40 waliovuka masharti ya lazima, vigezo vitatu vinadai maamuzi 120 kwa kila mjumbe. Ukikadiria dakika moja na nusu kwa kila uamuzi, ni saa tatu. Mkuu wa rasilimali watu anapaswa kuzitaja saa hizo kwenye hotuba na kuzipanga katika vikao viwili, maana jopo lililopewa saa moja litarudi kwenye kuhisi, hata likiwa na karatasi nzuri kiasi gani.

Turudi kwa waombaji wetu wawili. Mwombaji namba 7 aliandika kwamba alihusika katika usuluhishi wa benki, hiyo ni 1, mara uzito wa 3 inakuwa 3. Kuhusu kodi alitaja tu kuwa alisaidia kuandaa marejesho, 1 mara 2 ni 2. Programu ya hesabu aliieleza vizuri sana pamoja na kosa la kumbukumbu alilolisahihisha, 3 mara 1 ni 3. Jumla ni 8 kati ya 18. Mwombaji namba 19 aliandika kwamba alisuluhisha akaunti tatu kila mwezi na kwamba alibaini makato yaliyotozwa mara mbili, ambayo benki iliyarudisha. Hiyo ni 3 mara 3, yaani 9. Marejesho ya kodi aliyaeleza na ukubwa wake, 2 mara 2 ni 4. Programu ameitaja tu, 1. Jumla ni 14.

Mpangilio umegeuka. Ningemsihi mkuu wa rasilimali watu asiutangaze ugeuzi huo kama ushindi wa aliyetoka Kilosa. Tunachokijua ni kwamba alama ya sasa inafuatika hadi kwenye sentensi, na mtu yeyote anaweza kuichukua karatasi na kuipinga kwa kuonyesha sentensi nyingine. Kwa ile 55 na ile 75 hapakuwa na kitu cha kupinga.

Hata hivyo wajumbe bado watatofautiana, na jopo linajulikana ubora wake kwa namna linavyozitendea tofauti hizo. Kwenye kigezo cha kodi, mjumbe mmoja alimpa namba 19 alama 1 na mwingine 3, wakati mkufunzi anayeendesha mafunzo alitarajia 2. Walipoulizwa, sababu ilikuwa nyepesi. Mwombaji alitaja kodi ya zuio na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, bila kutaja kodi ya ongezeko la thamani. Kwa mjumbe wa kwanza, marejesho ya kodi maana yake hasa ni kodi ya ongezeko la thamani. Kwa wa pili, rejesho lolote linalowasilishwa Mamlaka ya Mapato linahesabika, na aliona kazi hiyo imeelezwa kikamilifu. Hakuna aliyekosea. Kigezo ndicho kilichokuwa hakijasema. Jopo likaamua kwamba rejesho lolote la kila mwezi linatosha, likaiandika sentensi hiyo kwenye kipimo, kisha likarudia kigezo hicho kwa waombaji wote. Hapo penye “wote” ndipo majopo mengi yanapoteleza. Ukirekebisha alama ya mtu mmoja tu baada ya majadiliano, umempa nafasi ya kusikilizwa ambayo wengine 39 hawakuipata.

Majadiliano yenyewe yana hatari yake ofisini kwetu. Mhasibu mkuu akisema “huyu wa Kilosa nimempenda”, ofisa wa miradi aliye mdogo kwa cheo na umri atabadilisha 1 yake kuwa 2 kabla chai haijapoa, na atafanya hivyo kwa adabu, si kwa woga. Ndiyo maana kila karatasi inakabidhiwa ikiwa imesainiwa kabla ya neno lolote kusemwa, na wakati wa majadiliano mwenye cheo cha juu anazungumza mwisho. Hotuba iliweke hilo wazi mbele ya mhasibu mkuu mwenyewe, kwa heshima, na ikiwezekana iwe imekwisha kukubaliwa naye siku iliyotangulia.

Kuna kipimo cha kujua kama jopo linakubaliana kweli, na hapa inafaa kwenda polepole kwa kuwa namba hudanganya. Tuseme katika zoezi la mafunzo wajumbe wawili wanapewa wasifu 20 wa zamani, kila mmoja achague wanne wa kuitwa. Matokeo yanaonyesha kwamba wameafikiana kwa waombaji 14 kati ya 20, sawa na asilimia 70. Wanafurahi. Sasa tazama ndani. Kati ya hao 14, 13 ni wale ambao wote wawili wamewaacha, na mmoja tu ndiye wote wawili wamemchagua. Kila mmoja ana watu watatu ambao mwenzake hakuwaona. Mtu mwenye kuchagua wanne kati ya 20 kwa kufumba macho, akilinganishwa na mwenzake aliyefanya vivyo hivyo, angetarajiwa kuafikiana naye kwa asilimia 68, kwa sababu wengi wanaachwa hata hivyo. Kwa hiyo kusoma kwao wasifu wote 20 kumeongeza asilimia mbili tu juu ya bahati. Jacob Cohen, mwanatakwimu wa Marekani, alitoa mwaka 1960 kipimo kinachoondoa sehemu ya bahati. Hapa kinatoa karibu 0.06, wakati makubaliano kamili ni 1. Jopo halihitaji hesabu hiyo kila mara. Linahitaji kuuliza swali sahihi, yaani kati ya niliowachagua, wangapi umewachagua na wewe pia.

Sasa majina. Mwaka 2004, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya kutuma karibu wasifu 5,000 wa kubuni kwa matangazo ya kazi ya Boston na Chicago. Wasifu ulifanana kwa ubora, ila majina yalikuwa mengine ya Kizungu na mengine yanayotumiwa zaidi na Wamarekani Weusi. Wenye majina ya Kizungu waliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Kwetu jina husema zaidi ya hapo. Mara nyingi linaeleza dini, na jina la ukoo linaweza kueleza kabila na mkoa. Wasifu wa kwetu pia huongeza kwa hiari picha, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, na mwishoni wadhamini wenye vyeo vyao vizito. Karani asiyekuwa mjumbe wa jopo afiche vyote hivyo na aweke namba. Wadhamini wasisahaulike, kwa kuwa mkurugenzi aliyeandikwa chini ya ukurasa anaweza kufanya kazi ileile ya kimemo bila mtu yeyote kuandika kimemo.

Vimemo vyenyewe navyo vitakuja, pamoja na simu za jioni. Katazo pekee halisaidii, kwa sababu mjumbe aliyepigiwa simu na mkubwa wake hana la kumjibu. Linalomsaidia ni daftari. Mkuu wa rasilimali watu anatangaza katika hotuba kwamba kila mawasiliano kuhusu mwombaji yataandikwa, nani, lini, na aliomba nini, na kwamba mjumbe mwenye undugu, urafiki au deni na mwombaji atajitoa kwa mwombaji huyo na atalisema hilo kabla ya kutoa alama. Mjumbe sasa ana sentensi ya kumwambia anayepiga simu: nitalazimika kuandika. Simu nyingi zitaishia hapo.

Sheria ipo upande wa utaratibu huu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania kinakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na umri, na kinamhesabu mwombaji wa kazi pia. Malalamiko yakionekana kuwa na msingi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba hakubagua. Karatasi yenye sentensi zilizopigiwa mstari ni utetezi wake. Na kwa kuwa karatasi hizo zina taarifa za watu, zinaangukia pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo zitunzwe mahali pa kufungwa na zisizunguke kwenye simu za wajumbe.

Kuna mahali ambapo kuficha kunagongana na wajibu mwingine. Kenya, sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa kitaifa inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja. Tanzania, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia tatu wenye ulemavu. Wajibu huo ubaki mikononi mwa idara ya rasilimali watu, baada ya alama kukamilika na kwa maandishi. Mjumbe akipewa ruhusa ya kuuingiza kimoyomoyo ndani ya alama zake, hakuna atakayeweza tena kuziangalia.

Nimeacha kwa makusudi pingamizi gumu kuliko yote. Kipimo nilichokieleza kinampa alama anayejua kuandika. Namba 19 angeweza kuwa amefanya kazi ileile na kuandika “nilihusika”, akapata 1. Vijana waliosoma karibu na watu wanaojua kuandaa wasifu watafaidika, na wa mbali wataumia. Pingamizi hili ni la kweli, na dawa yake iko kabla ya jopo, kwenye tangazo. Tangazo liseme wazi: eleza, kwa mistari isiyozidi mitano, mara moja uliposuluhisha hesabu za benki, ni akaunti ngapi, na nini ulikigundua. Sasa wote wameulizwa swali moja, na ukimya una maana. Frank Schmidt na John Hunter, katika muhtasari wao wa mwaka 1998 wa utafiti wa miaka 85, walikuta kwamba kuhesabu pointi za elimu na mafunzo na miaka ya kazi kuna uhusiano wa 0.11 tu na utendaji wa baadaye, wakati njia ya kuwauliza waombaji mambo waliyoyatimiza na kuyapima kwa kipimo kilichoandikwa ilifikia 0.45. Miaka ya uzoefu peke yake ilikuwa 0.18, na uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022 ukaishusha hadi 0.07. Mjumbe anayetoa alama moja kwa kila mwaka wa kazi anapima kitu ambacho karibu hakisemi lolote kuhusu mtu huyo atakavyofanya kazi.

Kwa sababu hiyohiyo mstari wa kukatia usichorwe kwa wembe. Katika mfano wetu, mjumbe mmoja kati ya watatu akibadilisha alama moja kwenye kigezo chenye uzito wa 3, wastani wa mwombaji unasogea kwa 1. Basi tofauti ya 11 na 10.67 si tofauti. Jopo litazame orodha na kutafuta mahali penye pengo kubwa, na kama hakuna pengo, liite watu wawili watatu zaidi. Mchujo wa wasifu unafaa kuwaondoa wasiokidhi na kuwapeleka wengine kwenye kipimo kizuri zaidi. Haufai kumpanga wa kwanza na wa pili.

Kipimo hicho kizuri zaidi, kwa mhasibu msaidizi, ni kumkalisha mezani na taarifa ya benki ya mwezi mmoja na daftari la fedha lenye makosa yaliyopandwa, kwa dakika 40. Mkuu wa rasilimali watu amalizie hotuba yake kwa kuwaomba wajumbe waite pia watu watatu au wanne waliokuwa chini kidogo ya mstari, na kuwaambia sababu. Bila hao, jopo halitajua kamwe lilikosea wapi, kwa kuwa walioachwa hawaonekani tena. Matokeo ya zoezi yakija, yawekwe kando ya alama za usuluhishi zilizotolewa kwenye wasifu. Kama waliopata 3 hawakuyapata makosa mengi kuliko waliopata 1, kigezo hicho kiandikwe upya kabla ya tangazo linalofuata, na karatasi zote mbili ziwekwe kwenye faili ya mafunzo ya jopo lijalo.